Kansere ya ziwa: kidonge cha kila siku kwa miaka tano, na mambo yenye kufanya wamama wakiache katikati

Kisha upasuaji, kisha shimio, na kisha miale kwa wale wenye walipata njia ya kwenda kuifanyisha Kigali ao Kampala, wamama wengi wenye kansere ya ziwa wanarudi nyumbani na karatasi yenye dawa moja tu: tamoksifeni, 20 mg, kidonge kimoja kila siku, miaka tano. Jamaa inafurahi kwa sababu inafikiri vita imekwisha. Munganga yeye anajua kama sehemu ndefu zaidi ndiyo inaanza. Miaka tano ni siku 1826, ni kusema vipakiti 61 vya vidonge 30. Na hakuna mutu wa kusimama pembeni ya kitanda ili kuangalia kama kidonge cha siku ya 900 kimemezwa.

Dawa hii haiko ya kila mwanamuke mwenye kansere ya ziwa. Kuko kansere zenye chembe zake zinakula estrojeni, ile homoni ya kike, sawa vile moto unakula makala. Ili kujua, laboratware inachukua kipande cha uvimbe wenye ulitolewa na kutafuta kama chembe zina fasi ya kupokea homoni hiyo. Kwenye karatasi ya matokeo utaona herufi RE na RP. Kama kumeandikwa chanya, ao kuko alama ya kujumlisha, dawa za homoni zinafaa. Kama zote mbili ni hasi, tamoksifeni haitasaidia kitu, na mama atateseka bure na joto lake. Kipimo hicho hakifanyike kila fasi katika majimbo yetu, mara nyingi kipande kinatumwa mbali, na karatasi inachelewa ao inapotea. Mama ana haki ya kuiomba, kuifanyia kopi na kuitunza pamoja na karatasi za shamba.

Tamoksifeni inafanya kazi sawa ufunguo mubaya wenye unaingia katika kufuli na kubakia pale: estrojeni inafika, inakuta fasi imejazwa. Dawa za kundi la pili, zile za kuzuia aromataze (anastrozoli, letrozoli, egzemestani), zinapita njia ingine. Zinazima kiwanda kidogo cha estrojeni chenye kiko katika mafuta ya mwili na misuli. Lakini hazizimi ovari. Kwa hiyo, zikiwa peke yake, zinafaa tu kwa mwanamuke mwenye ovari zake zimekwisha kulala, ni kusema mwenye alikwisha kukoma kuona mwezi kabisa. Tofauti hiyo tutairudilia, kwa sababu pale ndipo kosa moja kubwa linafanyika.

Faida yake ni gani? Watafiti wa Oxford walikusanya majaribio mengi ya dunia na kutangaza matokeo katika mwaka wa 2011: kwa wanawake wenye kansere ya kupokea homoni, miaka tano ya tamoksifeni inapunguza vifo vya kansere ya ziwa karibu moja kwa tatu, kwa muda wa miaka 15. Ona vizuri: dawa inamezwa miaka tano, faida inaendelea miaka kumi kisha kuiacha. Lakini faida hiyo ni ya mwenye alimeza. Katika Ufaransa, uchunguzi wenye kuitwa CANTO ulipima damu ya wanawake wenye hawajakoma kuona mwezi, mwaka mumoja tu kisha kuandikiwa tamoksifeni. Karibu 16 kwa mia hawakukuwa na dawa ya kutosha katika damu, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamewaambia wanganga kama wanaimeza. Na ile ni inchi yenye dawa inalipwa na serikali. Hawa wanawake hawakukuwa wajinga wala wavivu. Dawa ilikuwa inawasumbua, na waliona haya kusema.

Ili mambo yaeleweke, tuchukue mama mumoja wa mufano. Ana miaka 43, anakaa Bukavu, anauzisha vitenge na kusafiri mara nyingi. Ziwa la kushoto lilitolewa, alifanya shimio, na RE yake ni chanya. Anaanza tamoksifeni.

Katika mwezi wa pili, anaanza kuamuka usiku akiwa amelowa jasho. Moto unapanda kutoka kifua mupaka shingo na uso, moyo unapiga mbio, kisha dakika tatu ao ine anasikia baridi. Kwetu, jasho na baridi jina lake ni malaria. Anaenda ku farmasi, anapewa dawa ya malaria. Juma mbili kisha, tena. Mwezi unaofuata, tena. Wakati huo pesa ya tamoksifeni imekwisha kwenda ku dawa za malaria, na mukwe wake anamuambia kama ile dawa ya kansere ndiyo inamuletea homa.

Kutofautisha kunaomba termometre tu na kipimo cha haraka cha malaria. Moto wa homoni unakuja gafula, unapita kwa dakika chache, na kipimo cha joto ndani ya kwapa kinabakia chini ya 37,5. Hakuna kuumwa viungo vyote, hakuna kutapika, na kisha moto kupita mutu anajisikia sawa. Malaria inaweka homa ya saa nyingi na inaangusha mutu. Mama mwenye anakunywa tamoksifeni anaweza kupata malaria pia, ni wazi. Kwa hiyo apime kila mara joto linafika 38, na asitibu malaria yenye kipimo hakikuonyesha.

Moto huo si alama kama dawa ni sumu. Unatoka katika sehemu ya ubongo yenye kupanga joto la mwili: ikikosa estrojeni, inafikiri mwili umechomeka na inafungua jasho. Kwa wengi unakuwa mukali katika miezi ya kwanza, kisha unapungua. Wengine wanaona nafuu wakihamisha saa ya kumeza, kutoka asubui kwenda jioni ao kinyume. Saa yoyote inafaa, mradi iwe ile ile kila siku. Pombe, kahawa na pilipili nyingi vinauamusha. Shuka la pamba na kitenge chepesi vinasaidia usiku kuliko blanketi ya nilo.

Kama mama halale hata kidogo, kuko dawa. Munganga anaweza kuandika venlafaksini kwa kipimo kidogo, ao gabapentini ya jioni. Hapa kuko mutego wenye kila farmasi inapaswa kujua: dawa mbili za huzuni, fluoksetini na paroksetini, zinazuia ini kubadilisha tamoksifeni kuwa ile sura yake yenye nguvu. Mama anameza vidonge vyote viwili kwa uaminifu, na tamoksifeni inafanya kazi nusu nusu. Vilevile rifampisini, ile dawa nyekundu ya kifua kikuu, inafagia tamoksifeni katika damu kabla ifanye kazi. Mwenye anatibiwa kifua kikuu lazima aseme ku pande zote mbili: kwa munganga wa kansere na kwa kituo cha kifua kikuu. Asiache moja kwa kujichagulia.

Turudi kwa mama wetu. Kisha shimio, damu ya mwezi ilisimama. Mwaka unapita bila kuona kitu. Anafikiri hawezi tena kubeba mimba, na anasahau mambo ya kupanga uzazi. Tamoksifeni inaweza kuamusha ovari, na mwanamuke anaweza kubeba mimba bila kuona mwezi hata mara moja mbele. Mimba ikiingia wakati wa dawa, mutoto anaweza kuharibika. Kizuizi chenye kinafaa ni kondomu ao kile cha shaba chenye kuwekwa ndani ya kizazi. Shindano la miezi tatu na vijiti vya mukono vina homoni ndani, havifae kwa mwenye alikuwa na kansere ya ziwa. Mwenye kijiti kilikuwa katika mukono mbele ya kuumwa aombe kitolewe. Tumeona karatasi nyingi za hospitali zenye kuandika dawa vizuri na kusahau kabisa habari hiyo. Pengine wanganga wanaona haya kuiongelea mbele ya bwana.

Katika mwaka wa pili, mutu wa nia nzuri anamuambia mama kama kuko dawa mupya kuliko tamoksifeni, yenye haigandishe damu, na anamuletea anastrozoli kutoka ngambo. Ni dawa ya kweli, na iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu 2015. Lakini kwake ni kosa. Ana miaka 45, na kukoma kwa mwezi kulitoka ku shimio. Ovari zake zinaweza kuwa zinasinzia tu, na anastrozoli peke yake inaweza hata kuzisukuma ziamuke. Wakati huo estrojeni inapanda, na kansere, kama kuko kipande kidogo chenye kilibakia fasi fulani, inapata chakula. Alama yenye kuonyesha kosa ni rahisi: damu ya mwezi inarudi. Mwanamuke wa chini ya miaka 50 mwenye mwezi ulisimama kwa sababu ya shimio asihamishiwe ku kundi hilo la pili mbele ovari zizimwe kwanza. Kuzizima kunafanyika kwa shindano la kila mwezi, lenye ni bei na lenye halikosekane hata mara moja, ao kwa upasuaji wa kuzitoa, mara moja kwa maisha yote. Kwa inchi yenye barabara inafungwa leo na kesho, wanganga wengi wanaona upasuaji kuwa njia yenye kufaa zaidi, kama mama hataki tena watoto na amekubali mwenyewe.

Mama anarudi ku tamoksifeni. Mwaka wa tatu, anasafiri siku mbili katika gari, miguu imekunjwa katikati ya maballo. Kisha siku tatu, mundi wa kushoto unavimba na kuuma. Mutu wa ku nyumba anafikiri ni muguu ulichoka, anaukanda na mafuta ya moto.

Tamoksifeni inaongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, mara mbili ao tatu kuliko kwa mwanamuke mwenye hameze. Hatari hiyo yenyewe inabakia ndogo. Kwa mwaka mumoja inagusa wanawake wachache tu katika elfu moja. Lakini inapanda kwa mwenye kunenepa sana, mwenye kuvuta tumbaku, mwenye kukaa bila kutembea, kisha upasuaji, na kwa mwenye alikwisha kuganda damu zamani. Huyo wa mwisho ni lazima aseme siku ya kwanza, kwa sababu pengine hatapewa tamoksifeni hata kidogo.

Miguu yote miwili ikivimba jioni kisha siku ya kusimama soko, mara nyingi si donge la damu. Muguu mumoja ndio unaogopesha. Chukua kamba ya kupima ya fundi wa nguo, pima mundi wa kila muguu, sentimetre 10 chini ya goti, fasi moja kwa yote miwili. Kukiwa tofauti ya zaidi ya sentimetre 3, na maumivu, na ngozi yenye moto, mama aende ku hospitali siku ile ile kwa ekografi ya mishipa. Asiukande muguu. Donge likitoka pale na kupanda mupaka ku mapafu, linaweza kuua. Kifua kuuma gafula wakati wa kuvuta pumuzi, kukosa pumuzi bila sababu, ao kukohoa damu, hiyo haingojee kesho.

Kwa mama wetu, ekografi ilionyesha donge. Alianza heparini, kisha vidonge vya kufanya damu isigande, na tamoksifeni ilisimamishwa. Hapa munganga alipaswa kuangalia vizuri, kwa sababu warfarini na tamoksifeni pamoja vinaweza kuleta kutokwa damu kwingi. Kisha miezi kadhaa, muguu ulipopona, ovari zilitolewa, na sasa anastrozoli, 1 mg kwa siku, ilikuwa dawa yake ya haki.

Mwenye kusafiri na tamoksifeni anaweza kujisaidia: kushuka na kutembea kila fasi gari inasimama, kupandisha na kushusha visigino akiwa amekaa, kunywa maji hata kama anaogopa kukosa choo ndiani. Na kama kuko upasuaji mukubwa wenye umepangwa, munganga mupasuaji ajue mbele, kwa sababu mara nyingi tamoksifeni inasimamishwa majuma fulani, kisha inaanzishwa tena. Kuanzisha tena ndiko kunasahauliwa.

Kuko alama moja ingine ya tamoksifeni yenye tutaisema kwa ufupi: damu yenye kutoka kwa mwanamuke mwenye alikwisha kukoma mwezi, hata matone mawili. Dawa inaweza kunenepesha ukuta wa kizazi na, kwa wachache, kuleta kansere pale. Ikipatikana mapema inatibika vizuri. Damu hiyo inaomba kuchunguzwa; haikoombe mama aache dawa peke yake na kunyamaza.

Kwa anastrozoli na ndugu zake, damu haigandi sana, lakini mifupa inalipa. Estrojeni ndiyo inazuia mufupa usimeng'enywe haraka, na mama mwenye ovari zimetolewa kwa miaka 46, akiongeza dawa yenye kuzima ile estrojeni kidogo yenye ilibakia, anapoteza mufupa kwa mwendo wa mbio. Yeye hasikie kitu. Siku moja anabeba ballo, anasikia mugongo umekatika gafula, na anafikiri ni musuli. Mufupa wa uti wa mugongo unaweza kuwa umejikunja sawa sanduku la karto. Mashine ya kupima uzito wa mifupa haipatikane kila fasi, lakini ukuta na kalamu vinapatikana: mama asimame bila viatu, visigino ku ukuta, waweke alama kila mwaka. Kupoteza sentimetre 3 ao zaidi ni sababu ya kupiga foto ya uti wa mugongo. Na kwa mwenye alikuwa na kansere, maumivu mapya ya mufupa yenye hayapite kwa majuma mawili yanaomba foto kwa vyovyote, kwa sababu yanaweza pia kuwa kansere imerudi ku mufupa.

Chakula cha mufupa kwetu kiko, na si cha watajiri. Sambaza na ndagala wenye kuliwa wazima pamoja na mifupa yao wana kalisiamu nyingi. Filé ya samaki mukubwa haina. Maziwa ya ngombe na mashanza yanafaa pia. Jua la mikono na uso linasaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kutembea na kupanda vilima vya Bukavu kunaimarisha mufupa; kubeba mizigo mizito na kamba ku paji la uso kunaweza kuuvunja. Mwenye mufupa umekwisha kuwa mwepesi, munganga anaweza kumupa asidi zoledroniki ndani ya mushipa, 4 mg kila miezi sita, kwa kawaida miaka tatu. Mbele ya kuianza, wapime figo na kalisiamu, na meno mabovu yatolewe, kwa sababu kungoa jino wakati wa dawa hiyo kunaweza kuharibu mufupa wa taya.

Kile chenye kufanya wamama waache anastrozoli, kwa kweli, si mufupa wenye hawasikie. Ni vidole na magoti yenye yanakauka asubui, mutu anashindwa kufunga kitenge. Hayo maumivu yanapungua akitembea. Parasetamoli inasaidia siku mbaya. Kama haitoshi, munganga anaweza kumupumuzisha majuma machache, kisha kumupa letrozoli ao egzemestani, kwa sababu mwenye anashindwa na moja mara nyingi anavumilia ingine.

Inabakia kuhesabu vidonge, na pale pia kuko njia yenye haikoombe simu ya bei. Andika tarehe ku kipakiti siku unakifungua. Ukifungua kipakiti cha 30 tarehe 3 mwezi wa tatu, asubui ya tarehe 24, mbele ya kumeza, lazima kubakie vidonge 9. Ukikuta 13, umesahau siku ine. Munganga mwenye anahesabu pamoja na mama bila kumugombeza atajua ukweli kuliko mwenye anauliza tu kama anameza.

Kusahau siku moja hakuharibu kitu: tamoksifeni inakaa katika damu siku nyingi, na nusu yake inaomba karibu juma moja ili itoke. Usimeze mbili kesho yake, endelea kawaida. Lakini mwezi muzima bila dawa ni jambo ingine. Tangu vita ilifika Goma na kisha Bukavu mwanzoni mwa 2025, na uwanja wa ndege wa Goma kufungwa, kungojea kidonge cha mwisho mbele ya kutafuta kipakiti kipya ni hatari. Anza kutafuta vikibakia 15. Kata kopi ya karatasi ya dawa, na uiweke pamoja na kipakiti kimoja katika kifuko chenye unaweza kukimbia nacho. Usikate kidonge nusu ili kiendelee siku nyingi; nusu si kipimo chenye majaribio yalionyesha kinazuia kansere hii isirudi. Na soma namba: kuko vidonge vya 10 mg ku soko, hivyo vinamezwa viwili.

Miaka tano ikitimia, mama asisimame mwenyewe na asiendelee mwenyewe. Jaribio kubwa lenye kuitwa ATLAS, lenye lilitangazwa mwisho wa 2012, lilionyesha kama miaka kumi ya tamoksifeni inapunguza tena kansere kurudi na vifo, zaidi kisha mwaka wa kumi, lakini inaongeza kidogo kansere ya kizazi na damu kuganda. Kwa mwenye kansere ilikwisha kugusa tezi za kwapa, kuendelea mara nyingi kuna maana. Kwa mwenye uvimbe ulikuwa mudogo na tezi safi, ao mwenye aliganda damu, hesabu inaweza kugeuka. Karatasi ya laboratware ya miaka tano mbele, ile yenye kuandikwa RE na hesabu ya tezi, ndiyo munganga ataomba siku hiyo.